Nimesema ule, sikusema ile: jinsi roboti inavyotafuta kifaa kwa maneno ya kawaida

Mzee alikuwa ameshika bati kwa mikono yote miwili, goti moja limeegemea ukingo wa meza ili bati lisiteleze. Bila kugeuka akasema, "Nipe ule wa mpini mwekundu." Mkono wa roboti uliofungwa kwenye kona ya meza ukazunguka, ukashuka, ukainuka na bisibisi. Mzee akaitazama ile bisibisi, akanitazama mimi.

"Kijana, nimesema ule. Sikusema ile."

Karakana yetu iko hatua chache kutoka Kamukunji, Nairobi, pale ambapo milio ya nyundo juu ya bati haikatiki tangu asubuhi hadi jua linapozama. Siku hiyo mezani palikuwa na vifaa vitatu vyenye mipini myekundu: mkasi wa bati, koleo na bisibisi. Mzee hakutaja jina la kifaa hata kimoja, lakini mtu yeyote aliyelelewa katika Kiswahili angempa mkasi bila kuuliza. Neno "ule" lilikuwa limeshawatupa nje koleo na bisibisi. Roboti haikulisikia, na kosa lilikuwa langu mimi niliyeipanga. Nitaifuata sentensi ile moja kutoka mdomoni mwa mzee mpaka kwenye vidole vya roboti, kwa sababu ukiielewa hiyo utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya namna mashine hizi zinavyofanya kazi, na mahali zinapompotezea Mswahili maneno yake.

Neno na picha vinakutana wapi

Zamani ukitaka roboti itambue nyundo, ulikusanya picha nyingi za nyundo, ukazichorea visanduku kwa mkono, ukaifundisha. Ukitaka itambue na tupa, ulianza upya. Orodha ya vitu ilikuwa imefungwa: kisichokuwamo hakikuonekana.

Mambo yalibadilika mwaka 2021 kampuni ya OpenAI ilipotoa modeli iitwayo CLIP. Ilifundishwa kwa jozi milioni 400 za picha na maelezo yake, zilizokusanywa kutoka mtandaoni. Ndani yake kuna sehemu mbili. Moja inasoma picha na kuigeuza kuwa safu ya namba, yaani vekta. Nyingine inasoma maandishi na kuyageuza kuwa vekta yenye urefu uleule. Wakati wa mafunzo modeli hupewa rundo la picha na rundo la maelezo, na kazi yake ni kuzisogeza karibu vekta za picha na maelezo yanayoendana, na kuzitenga zile zisizoendana. Hakuna aliyeiambia mkasi ni nini. Iligundua yenyewe kwamba picha zinazoandamana na neno hilo zina kitu kinachofanana.

Kwa hiyo unapoiuliza kama kuna mkasi, haitafuti maana ya neno kama unavyoitafuta wewe katika kamusi. Inapima jinsi vekta ya neno na vekta ya picha zinavyoelekea upande mmoja. Jibu ni namba tu.

CLIP, hata hivyo, huizungumzia picha nzima. Inaweza kukuambia mezani kuna mkasi, lakini haisemi uko wapi, na mkono wa roboti hauwezi kushika habari. Ndipo zilipokuja modeli za kutafuta mahali. Sisi tunatumia OWLv2 ya Google, ya mwaka 2023. Picha huingia ikiwa na pikseli 960 kwa 960, inakatwa vipande vya pikseli 16 kwa 16, na hivyo kupatikana vipande 60 kwa 60, jumla 3,600. Kila kipande kinabaki na vekta yake badala ya kuchanganywa katika vekta moja ya picha nzima, kisha kinasema mambo mawili: kisanduku cha kitu ninachokiona kinaanzia hapa na kuishia pale, na kitu chenyewe kinafanana hivi. Vekta hiyo inalinganishwa na vekta za majina uliyoleta. Majina yanatoka nje, yakiwa maneno ya kawaida, na ndiyo maana unaweza kuulizia kifaa ambacho hakuna aliyekiandaa.

Tatizo la kwanza kwetu ni kwamba sehemu ya maandishi ya modeli hii imekulia katika Kiingereza. Ukiiandikia `mkasi`, inalikata neno vipande vya herufi ambavyo havijawahi kuandamana na picha za kutosha. Alama zinatoka hafifu na kisanduku kinaweza kuangukia popote. Utalijua kosa hili kwa jaribio dogo: andika neno lisilo na maana yoyote, kama `blorka`, kisha andika `mkasi`. Kama alama zinakaribiana, modeli hailijui neno lako.

Dawa inayokuja haraka kichwani ni mashine ya kutafsiri. Sikuipenda. Chukua neno koleo. Kwetu ni kifaa cha kubania na kukatia waya, lakini wapo Waswahili, hasa Tanzania, wanaoita koleo kile ambacho sisi tunakiita beleshi. Mashine ikichagua maana ya pili, roboti itatafuta beleshi juu ya meza. Meza yetu ina vifaa visivyofika hamsini, kwa hiyo niliona ni heri kuandika jedwali kwa mkono, nikiwa nimekaa na mzee, kwa majina anayoyatumia yeye:

```python
vifaa = {
  "mkasi":    (["tin snips", "metal shears"], "U-I"),
  "koleo":    (["pliers"], "LI-YA"),
  "bisibisi": (["screwdriver"], "I-ZI"),
  "spana":    (["wrench", "spanner"], "I-ZI"),
}
```

Spana ina majina mawili kwa sababu Wamarekani, ambao maelezo yao ya picha yamejaa mtandaoni, hutumia lile la kwanza. Tunauliza yote mawili na kuchukua alama iliyo juu zaidi. Safu ya mwisho, ile ya ngeli, haikuwapo mwanzoni. Ilizaliwa siku mzee aliponisahihisha.

Alama si uhakika

Turudi kwenye picha ya siku ile. Hizi ndizo alama zilizotoka. Kisanduku cha bisibisi kilipata 0.55 kwa jina `screwdriver`. Kisanduku cha koleo kilipata 0.42 kwa jina `pliers`. Kisanduku cha mkasi wa bati kilipata 0.31 kwa jina `tin snips`, na kisanduku hichohicho kikapata 0.34 kwa jina `pliers`.

Anayezisoma namba hizi kama asilimia atapotea. 0.55 haimaanishi kwamba modeli ina hakika ya asilimia 55. Bisibisi ni kitu kinachopigwa picha sana na kuandikwa jina lake sawasawa, kwa hiyo alama zake huwa juu hata ikiwa imefunikwa nusu. Mkasi wa bati ni nadra mtandaoni, na kwa umbo lake, mipini mirefu na meno mafupi, unafanana na koleo kuliko na mkasi wa kukatia nguo. Alama zake ziko chini hata ukiwa umelala peke yake chini ya taa. Kuweka kizingiti kimoja, yaani alama ya chini kabisa inayokubaliwa, kwa vifaa vyote ni kuuonea mkasi na kuipendelea bisibisi.

Kwa hiyo kila jina lina kizingiti chake. Tulipiga picha ishirini za meza kifaa kikiwapo na ishirini kikiwa hakipo, tukaangalia alama za pande zote mbili, tukaweka mpaka katikati. Bisibisi ikapata 0.30, mkasi 0.15. Picha za kifaa kisichokuwapo zina uzito uleule wa zile za kifaa kilichopo, na wengi huzisahau. Bila hizo roboti haitajua kusema "hakipo", itachukua tu kile kinachofanana zaidi.

Pia tazama tena namba za mkasi. Alama yake ya juu kabisa ni ya `pliers`. Programu nyingi zilizo tayari, zikishapata kisanduku, hubaki na jina moja lenye alama ya juu na kutupa mengine. Kwa njia hiyo mkasi wa mzee ungeandikwa "koleo" na kufutika kabisa mezani, na mzee angeuomba mpaka jioni. Ndiyo maana nasoma alama zote za kila kisanduku, sio mshindi peke yake.

Na rangi je? Mwanzoni nilijaribu kuuliza kwa mkupuo mmoja, `tool with a red handle`. Roboti ilikwenda kwenye kopo la rangi lenye kifuniko chekundu lililokuwa karibu na nyundo. Modeli za aina hii zinashika maneno vizuri kuliko zinavyoshika nani anamilikiwa na nani: zinaona wekundu, zinaona kifaa, na hazijali sana kama wekundu ni wa kifaa. Sasa tunauliza jina kwanza, tunapata kisanduku, kisha rangi tunaipima wenyewe kwa pikseli zilizo ndani ya kisanduku. Anayetumia OpenCV, maktaba ya programu za kushughulikia picha, akumbuke kwamba kipimo cha rangi, `H`, huanzia 0 hadi 179 na nyekundu hukaa katika ncha zote mbili. Ukiangalia ncha moja tu, nusu ya vifaa vyekundu vitakosekana, na utadhani ni taa.

Kilichopotea katika "ule"

Sasa tufike kwenye kosa langu. Sauti ya mzee inageuzwa kuwa maandishi na Whisper, modeli nyingine ya OpenAI, iliyotolewa mwaka 2022 baada ya kufundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Whisper ina njia mbili za kufanya kazi: kunukuu maneno yaliyosemwa katika lugha yake, au kuyatoa moja kwa moja kwa Kiingereza. Kwa kuwa nilihitaji Kiingereza mwishoni, nilichagua `task="translate"` na kujiona nimefupisha njia. Kilichotoka kilikuwa sentensi ya Kiingereza isiyo na ngeli, ambayo inaweza kuwa ya mkasi, ya koleo au ya bisibisi bila tofauti yoyote. Zikabaki alama peke yake, na bisibisi ilikuwa nayo iliyo juu kuliko zote.

Kiswahili kilikuwa kimesema zaidi. "Ule wa mpini mwekundu" ni kitu cha ngeli ya U: mkasi, msumeno, msasa, au basi uzi, ufunguo, ufagio. "Lile la mpini mwekundu" lingekuwa koleo au shoka. "Kile cha mpini mwekundu" kingekuwa kisu. Kwenye meza yenye vifaa arobaini na kitu, neno moja la silabi mbili linabakiza vichache, na hufanya hivyo bila kamera.

Kuna mtego mdogo ndani ya sentensi hiyo. "Mwekundu" nalo lina ngeli, lakini haliambatani na kifaa, linaambatana na mpini. Bisibisi ingeombwa "ile ya mpini mwekundu", koleo "lile la mpini mwekundu", na mwekundu angebaki vilevile kote. Toleo langu la kwanza la marekebisho lilihesabu kila kiambishi lilichokiona, kwa hiyo kila kifaa chenye mpini mwekundu kilisukumwa kuwa mkasi. Ushahidi unaohusu kifaa umo katika kionyeshi na kihusishi kinachokifuata, "ule wa", na hapo tu.

Nilibadilisha `task` kuwa `"transcribe"`, nikaweka `language="sw"`, na kuongeza mistari michache baada ya modeli ya picha:

```python
p = torch.sigmoid(matokeo.logits[0])     # vipande 3600 x majina 3 ya mfano huu
uzito = torch.tensor([1.0, 0.1, 0.1])    # mkasi, koleo, bisibisi
alama = p * uzito
```

Fuata hesabu. Bisibisi iliyokuwa 0.55 inakuwa 0.055. Koleo lililokuwa 0.42 linakuwa 0.042. Kisanduku cha mkasi kikisomwa kama koleo kinashuka kutoka 0.34 hadi 0.034, lakini kikisomwa kama mkasi kinabaki 0.31. Yupo mpinzani mmoja tu wa kuangalia: koleo halisi likisomwa kwa jina `tin snips` lilipata 0.12, chini ya kizingiti chetu cha 0.15. Mkono ukaenda kwenye mkasi.

Hapa ndipo nilipoiweka kalamu chini siku ile. Jicho la modeli lilikuwa limekosea, limeuona mkasi kama koleo, na sarufi ya mzee ikalirekebisha. Nilikuwa nimeichukulia ngeli kama mapambo ya kuvuliwa kabla ya kazi kuanza, kumbe ilikuwa inabeba habari ambayo kamera haikuwa nayo.

Kwa nini 0.1 na sio sifuri? Kwa sababu sikio nalo hukosea. "Ule" na "ile" zinatofautiana kwa irabu moja, na jirani yetu anapiga nyundo. Ukiweka sifuri, kosa moja la sikio linakifuta kifaa cha kweli kisirudi tena hata kama kamera inakiona waziwazi. Ukiweka 0.1, kamera inaweza bado kushinda pale ambapo hakuna kifaa cha ngeli iliyosikika kilichoonekana mezani.

Bahati nzuri Kiswahili husema jambo hilo mara mbili. Baada ya "ule" huja "wa", baada ya "ile" huja "ya", baada ya "lile" huja "la". Hao ni mashahidi wawili. Wakikubaliana, tunatumia uzito. Wakipingana, mathalani maandishi yakija "ule ya", tunajua kuna kilichosikika vibaya au kilichosemwa vingine, na hapo uzito wote unarudi 1.0 kana kwamba hakuna ngeli iliyosikika.

Na hapa ni lazima niseme wazi juu ya Nairobi. Mzee alikulia Mombasa na upatanisho wake haupindi. Vijana wanaofanya kazi naye wamezaliwa hapa, na wao husema "nipe hiyo ya mpini nyekundu" kwa mkasi, kwa koleo na kwa bisibisi sawasawa. Hicho ni Kiswahili chao cha kila siku, na wanaelewana vizuri kabisa. Roboti inayodai sarufi ya darasani ingewaletea bisibisi kila wanapoomba mkasi. Kwa hiyo kanuni yetu ina upande mmoja tu. Kiambishi kisichokuwa cha kawaida mtaani, kama "ule wa", "lile la" au "kile cha", kinahesabiwa, kwa sababu mtu hakitamki kwa bahati mbaya. "Ile ya" na "hiyo ya" hazihesabiwi, kwa kuwa Nairobi hutumika kwa karibu kila kitu. Isitoshe "ile ya" inaweza pia kuwa wingi wa ngeli ya U-I, ile mikasi, kwa hiyo hata kinywani mwa mzee si ushahidi mkali.

Kijana akisema "hiyo ya mpini nyekundu", alama zinabaki 0.55 kwa bisibisi na 0.42 kwa koleo. Tumeweka sharti jingine: kama wa pili amezidi nusu ya wa kwanza, roboti haichukui chochote. Mkono unasimama juu ya kile inachokidhania, sentimita kumi hivi, na kungoja. Kijana akisema "eeh" unashuka, akisema "apana, mkasi" unaenda kwenye mkasi. Kungoja huko kunakula sekunde chache, lakini ni afadhali kuliko kumwekea mtu mkononi kifaa chenye ncha ambacho hakukiomba.

Kuhusu kelele sitasema mengi. Kipaza sauti kimebanwa kwenye kola ya fundi, na kuna swichi ya kukanyaga kwa mguu. Isipokanyagwa, Whisper haipewi sauti. Sababu ni kwamba ikipewa kelele tupu au ukimya, wakati mwingine hutunga maneno ambayo hakuna aliyeyasema, na mkono wa roboti usiwe unatii maneno ya nyundo.

Kutoka kisanduku hadi vidoleni

Modeli ikishachagua, tunacho kisanduku kwenye picha, lakini mkono unahitaji milimita. Kamera yetu hupima pia kina, yaani umbali wa kila nukta. Hesabu ni fupi: chukua nafasi ya pikseli kutoka katikati ya picha, zidisha kwa kina, gawanya kwa urefu wa fokasi unaopimwa kwa pikseli.

```
X = (u - cx) * Z / fx
X = (812 - 640) * 900 / 910 = 170 mm
```

Mpini wa mkasi ulikuwa milimita 170 kulia kwa mstari wa katikati wa kamera. Makosa mawili huvamia hapa, na kila moja lina dalili yake.

La kwanza ni la vipimo vya picha. Kamera inatoa picha ya pikseli 1280 kwa 720, lakini OWLv2 huongeza ukanda mtupu chini yake ili iwe mraba wa 1280 kwa 1280 kabla ya kuipunguza. Ukirudisha visanduku kwa kuzidisha urefu wa wima kwa 720 badala ya 1280, kitu kilichopo kwenye mstari wa 600 kitawekwa kwenye mstari wa 337. Dalili: vifaa vya juu ya picha vinashikwa vizuri, na kadiri unavyoshuka ndivyo mkono unavyokosea zaidi. Ukiona hivyo usiilaumu modeli, rudi kwenye kuzidisha kwako.

La pili ni la mkasi wenyewe. Katikati ya kisanduku cha mkasi uliofunguka hakuna mkasi, kuna pengo kati ya mipini, na kamera itakupa kina cha meza. Vidole vitashuka mpaka vigonge mbao. Chuma kilichong'arishwa nacho hukosesha vipimo vya kina, hujaa mashimo yenye sifuri. Kwa bahati tunazo tayari pikseli nyekundu za mpini tulizozitumia kuthibitisha rangi. Plastiki ya mpini haing'ai kama chuma, kwa hiyo tunachukua kina cha kati cha pikseli hizo, na hapo ndipo vidole vinaposhika.

Spana namba 13

Ombi linalotushinda bado ni la kawaida kabisa: "Nipe spana kumi na tatu." Sababu ni hesabu, na hakuna modeli ya juu itakayoiondoa. Kamera ikiwa sentimita 90 juu, inaona upana wa karibu mita 1.27. Picha ikiisha kupunguzwa hadi pikseli 960, kila milimita ya meza inapata robo tatu ya pikseli. Namba iliyogongwa kwenye spana ina kimo cha milimita tatu hivi, sawa na pikseli mbili na kidogo. Hakuna jicho linalosoma 13 kwa pikseli mbili. Kipande kimoja cha pikseli 16 kinafunika milimita 21 za meza, kwa hiyo hata nati ya milimita 10 ni nusu tu ya kipande, na mara nyingi haionekani kabisa. Modeli inaziona spana zote vizuri, inazipa alama nzuri, na haiwezi kuzitofautisha. Ukiamini alama hizo, utaletewa 12 na 14 kwa zamu.

Tunajaribu kutazama mara mbili. Kamera ya juu inaonyesha spana ziko wapi, kisha kamera ndogo iliyofungwa kwenye kifundo cha mkono inashuka karibu mpaka iwe inaona sentimita 20 tu za meza. Hapo milimita moja inapata pikseli karibu tano, namba inapata kimo cha pikseli kumi na nne, na programu ya kusoma maandishi inaweza kujaribu. Spana mpya husomeka. Zile za mzee zimeshikwa kwa miaka mingi mpaka namba zimelainika, na yeye huzitambua kwa kuzipima kwa kidole gumba. Kwa sasa tumezipanga kwenye ubao wenye vigingi, kila spana na kigingi chake, na roboti inaambiwa kigingi. Spana ikirudishwa kigingi kisicho chake, mzee hupata 12 badala ya 13, na kosa hilo kamera haiwezi kulijua.